Mkuu Mpya wa Idara na Makontena Matatu Bandarini

Mfanyabiashara wa Lubumbashi mwenye makontena matatu katika bandari ya Dar es Salaam hamjui mkurugenzi wa kampuni inayomtolea mizigo. Hajawahi kumwona, na pengine hata jina lake halijui. Anayemjua ni mkuu wa idara ya kuondosha mizigo, mama ambaye amezungumza naye kwa miaka tisa, anayepokea simu hata saa nne usiku, na anayejua bila kuambiwa kwamba nyaraka za mteja huyu huja kwa Kifaransa na hazina budi kutafsiriwa mapema kabla meli haijafika. Kwake yeye, mama huyo ndiye kampuni.

Sasa mama anastaafu. Anamwachia kijana aliyekuwa chini yake, na ofisi inatoa barua kwa wateja wote. Inaanza kwa "Tunayo furaha kubwa kuwataarifu", inaeleza shahada mbili za mkuu mpya, vyuo alikosoma, miaka yake katika tasnia na dira aliyonayo kwa idara. Aya nne nzima. Mteja anaisoma hadi mwisho akitafuta jambo moja: makontena yangu matatu, kuanzia kesho, nimuulize nani? Halimo.

Kampuni hii ni ya mfano, imeundwa hapa ili jambo lionekane kwa karibu, lakini barua ya namna hiyo kila aliyewahi kuwa mteja wa benki, shule, hospitali au wakala wa forodha ameipokea. Imeandikwa kumpamba anayeingia. Wanaoisoma wana shida nyingine kabisa: wanataka kujua kazi iliyo njiani itaishia mikononi mwa nani.

Kabla ya kufika kwenye barua yenyewe, kuna sababu ya kisheria ya kumwarifu mteja, na wakuu wengi wa kampuni hawaijui. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kama zilivyo sheria nyingine zilizotokana na ile ya India, inasema kwamba mamlaka ya wakala yakikomeshwa, kukoma huko hakuwahusu watu wa nje mpaka wapate habari. Kwa lugha ya mitaani, kama mkuu wa idara alikuwa akikubali bei na kupokea maagizo kwa niaba ya kampuni, na mteja hajaambiwa kwamba ameondoka, makubaliano anayofanya naye wiki ijayo yanaweza kuibana kampuni. Kwa hiyo taarifa ni adabu, na pia ni kufuli. Kuichelewesha kwa mwezi mzima ni kuacha mlango wazi kwa mwezi mzima.

Lakini mteja si wa kwanza kuambiwa.

Katika kampuni yetu ya mfano, idara ina watu 14. Wawili kati yao waliomba nafasi hiyo na wakakosa. Hao ndio wa kuanza nao, kila mmoja peke yake, ana kwa ana, kabla jina halijatajwa mbele ya wenzake. Mazungumzo hayo hayazidi robo saa. Wanaambiwa nani amechaguliwa, kwa kigezo gani, na wao watabaki na kazi gani. Mkurugenzi akilikwepa jambo hili, watu wawili wenye uzoefu mkubwa zaidi idarani wataisikia habari wakiwa wamesimama kati ya wenzao, nyuso zao zikitazamwa na kila mtu. Chuki inayozaliwa pale huchukua miaka kuisha, na anayeilipia ni mkuu mpya ambaye hakulifanya kosa hilo.

Kisha ndipo idara nzima inaitwa. Saa mbili na nusu asubuhi, kabla simu hazijaanza kuita, ni wakati mzuri. Ijumaa alasiri ni wakati mbaya, maana watu watakwenda nyumbani na maswali yao na kuyajibu wenyewe mwisho wa juma zima. Mkuu anayeondoka awepo, kama ameondoka kwa heri. Aseme mwenyewe kwamba anaondoka na amtambulishe anayeshika nafasi yake. Dakika ile anapomkabidhi kijana wake nafasi mbele ya watu ina uzito kuliko waraka wowote utakaobandikwa ubaoni.

Katika kikao hicho wafanyakazi hawaulizi kuhusu dira. Wanauliza kuhusu likizo. Dada wa kitengo cha nyaraka aliahidiwa na mama, kwa mdomo tu, kwamba Agosti atapewa wiki tatu za kwenda Kigoma kumuuguza mzazi. Dereva alikubaliwa kuingia kazini saa tatu badala ya saa mbili kwa sababu anapeleka mtoto shuleni. Karani mmoja aliambiwa kwamba mwezi wa saba atapandishwa daraja. Hakuna hata moja lililoandikwa. Idara yoyote iliyoongozwa na mtu mmoja kwa muda mrefu imejaa ahadi za namna hii, na mkuu akiondoka hupeperuka zote kwa siku moja.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kikao, mkuu anayeondoka aketi na anayeingia kwa nusu siku wakiwa na hati ya makabidhiano, na katika hati hiyo, mbali na orodha ya vifaa, funguo na mihuri, kuwe na ukurasa mmoja wa ahadi: nani aliahidiwa nini, lini, na kama ahadi hiyo ilikuwa ndani ya uwezo wa aliyeitoa. Likizo ya Agosti ilikuwa ndani ya uwezo wake, kwa hiyo inabaki. Saa ya kuingia ya dereva inabaki angalau mpaka mkuu mpya azungumze naye. Kupandishwa daraja ni suala la idara ya rasilimali watu, kwa hiyo karani anaambiwa ukweli leo leo badala ya kungoja Julai ipite kimya. Makabidhiano mengi ya ofisi huku kwetu huishia kwenye kupeana mikono, kupiga picha na kutia sahihi orodha ya viti na kompyuta. Ukurasa wa ahadi ndio unaosahaulika, nao ndio wenye watu ndani yake.

Yako pia mambo ambayo mkuu mpya hawezi kuyabadilisha kwa kuyatangaza tu kikaoni. Tuseme kijana anataka idara ifanye kazi kwa zamu mbili ili mizigo ifuatiliwe mpaka usiku. Ni wazo zuri, lakini saa za kazi ni miongoni mwa masharti ambayo mwajiri wa Tanzania anatakiwa kumpa mfanyakazi kwa maandishi chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinataka masharti hayo yakibadilika, mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Mkuu mpya mwenye busara siku ya kwanza husema: "Nafikiria zamu, na kabla ya lolote nitazungumza na kila mmoja wenu." Akisema "kuanzia Jumatatu tuna zamu", ameanza uongozi kwa kukanyaga sheria, na wako watakaomkumbusha.

Kinachofaa kusemwa waziwazi siku hiyo ni kidogo, na kinatosha kwenye waraka wa ukurasa mmoja: nani anatia sahihi fomu za likizo kuanzia tarehe gani, nani anaidhinisha malipo na mpaka kiasi gani, tathmini za utendaji za nusu mwaka zitaandikwa na nani, na faili zipi zinabaki kwa nani. Kuhusu tathmini kuna hila ya kuangaliwa. Mama amewaona watu 14 kwa miezi sita, kijana atakuwa amewaona kama mkuu kwa siku chache tu. Haki ni kwamba mama aandike tathmini za kipindi chake kabla hajaondoka. La sivyo, mfanyakazi aliyejituma nusu mwaka mzima atapimwa na mtu ambaye hakuwa na kazi ya kumtazama.

Sasa zamu ya wateja. Kati ya kikao cha wafanyakazi na taarifa ya wateja zipite saa, zisipite siku. Wafanyakazi 14 wana simu 14, na habari itafika Lubumbashi kwa WhatsApp kabla ya chai ya saa nne. Kinachotakiwa ni mteja aipate kutoka kwa mama mwenyewe kwanza. Kwa hiyo asubuhi ile ile, mama na kijana wanakaa pamoja na kuwapigia wateja wakubwa kumi, kijana akiwa kwenye laini akisikiliza, kisha akipewa nafasi ya kusalimia. Simu ya dakika tano. "Ndugu yangu, mimi napumzika tarehe 30 Juni. Huyu hapa ndiye niliyekuwa nikimtuma kwenye mizigo yako ya shaba mwaka jana. Makontena yako matatu anayo yeye sasa." Mteja wa miaka tisa akipata barua pepe ya jumla iliyoanza kwa "Mpendwa mteja wetu", anaelewa kwamba kwenye vitabu vya kampuni yeye ni namba tu.

Wateja wengine wote wanapata barua siku hiyo hiyo, na barua hiyo inaweza kuwa fupi hivi:

"Bi Fulani, anayesimamia mizigo yako, anastaafu tarehe 30 Juni. Kuanzia tarehe 1 Julai mkuu wa idara ni Bwana Fulani, ambaye amefanya kazi naye kwa miaka sita. Mzigo wako ulioko bandarini sasa anao yeye, na ofisa anayeufuatilia kila siku habadiliki. Bei tulizokubaliana hazibadiliki, na akaunti ya benki ya kampuni haibadiliki. Namba ya simu ya ofisi ni ile ile. Bi Fulani atapokea maswali ya faili za zamani mpaka tarehe 31 Julai."

Sentensi sita. Shahada hazimo, dira haimo, lakini kila alichokuwa akikitafuta mteja kimo. Miaka sita ya kufanya kazi na mama inamwambia zaidi ya majina ya vyuo vitatu. Sentensi ya ofisa wa kila siku ndiyo inayotuliza moyo kuliko zote, kwa sababu mzigo bandarini una saa inayokwenda: siku za bure zikiisha, tozo ya hifadhi inaanza kuhesabiwa bandarini na kampuni ya meli nayo inatoza kuchelewa kwa kontena. Mteja anaogopa kwamba wakati watu wanapeana viti, mzigo wake utakaa bila mwenyewe kwa siku nne, na siku nne hizo atazilipa yeye kwa dola.

Hofu hiyo ina msingi. Katika mifumo ya forodha, kila mtumiaji ana jina lake na nenosiri lake. Mkuu akibadilika na haki za kijana kwenye mfumo hazijawekwa, hati inasubiri mtu wa kuithibitisha. Vivyo hivyo benki. Hundi na maagizo ya malipo vinahitaji sahihi zilizomo kwenye kumbukumbu za benki, na kubadilisha mtia sahihi kunahitaji azimio la bodi, fomu, vielelezo vya sahihi na nakala za vitambulisho. Shughuli hiyo yaweza kula siku kadhaa. Kwa hiyo tarehe ya kutangaza haipangwi na katibu muhtasi anayetazama kalenda. Inapangwa na kazi hizi mbili: mfumo ukubali jina jipya, na benki ikubali sahihi mpya. Kampuni inayotangaza kabla ya hapo inampa mkuu mpya cheo kisicho na kalamu, na wiki yake ya kwanza inakwisha akiwaomba wateja radhi.

Namna ya kutambua kwamba makabidhiano hayakukamilika ni rahisi. Tazama simu ya mama baada ya siku kumi. Ikiwa wateja bado wanampigia yeye kuliko kijana, ama barua haikusomeka, ama kijana hapokei simu usiku.

Lile la akaunti ya benki halikuwekwa kwenye barua kwa bahati. Wezi wa mtandaoni wanapenda sana siku za mabadiliko ya uongozi. Wanasoma tangazo kwenye ukurasa wa kampuni, wanaunda anwani ya barua pepe inayofanana na ya kampuni ila herufi moja, kisha wanamwandikia mteja: "Kufuatia mabadiliko ya uongozi wa idara yetu, malipo yote sasa yafanyike kwenye akaunti ifuatayo." Mteja tayari anajua kwamba kuna mkuu mpya, kwa hiyo haoni ajabu kuambiwa kwamba kuna akaunti mpya. Wizi wa aina hii, wa kujifanya ofisi fulani kwa barua pepe, uliripotiwa kwa FBI ya Marekani ukiwa na hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 pekee. Sentensi moja, "akaunti ya benki haibadiliki", iliyofika mapema na kutoka kwa sauti ambayo mteja anaijua, inamfungia mwizi njia. Na kama kweli kampuni inahama benki, basi ihame mwezi mwingine, mbali kabisa na tangazo la mkuu mpya.

Hayo yote ni ya kuondoka kwa heri. Kuondoka kwa shari kuna lugha yake, na kila msomaji wa magazeti ya Afrika Mashariki anaijua: picha ndogo ya mtu, chini yake maandishi mazito kwamba mtu huyu si mfanyakazi wetu tena na atakayefanya naye shughuli kwa niaba ya kampuni atajibeba mwenyewe. Tangazo hilo lina mahali pake. Mtu aliyekuwa akikusanya fedha mitaani kwa jina la kampuni, akiwa na vitabu vya stakabadhi mkononi, lazima umma ujulishwe upesi, kwa sababu ile ile ya Sheria ya Mikataba. Lakini kampuni nyingi hulitumia hata kwa mtu aliyepishana kauli na mkurugenzi akaamua kuacha kazi. Hapo picha inakuwa adhabu, na wateja wanaisoma hivyo. Kwa mkuu wa idara ambaye hakushika fedha za watu inatosha kusema kwamba ameacha kazi tarehe fulani na nafasi yake inashikwa na fulani. Sababu haitajwi. Anayeuliza anajibiwa vivyo hivyo na kila mtu ofisini, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, na jibu hilo liwe limeandikwa, la sivyo kufikia jioni kutakuwa na hadithi saba.

Na kama mrithi hajapatikana? Kishawishi ni kunyamaza mpaka apatikane. Safaricom ya Kenya ilipata mtihani mkubwa kuliko wa idara yoyote pale mkuu wake, Bob Collymore, alipofariki tarehe 1 Julai 2019. Kesho yake kampuni ilimtaja Michael Joseph, aliyewahi kuiongoza tangu mwanzo wake, kuwa kaimu. Jina la mkuu wa kudumu, Peter Ndegwa, lilitangazwa Oktoba mwaka huo, tena likiwa na tarehe yake ya kuanza, 1 Aprili 2020. Katika miezi yote tisa hiyo hapakuwa na siku ambayo mteja au mfanyakazi hakujua nani anatia sahihi. Idara ya watu 14 inaweza kufanya hivyo hivyo kwa karatasi moja: fulani anakaimu kuanzia leo, ana uwezo huu na hana ule, na mkuu wa kudumu atatajwa kabla ya tarehe fulani.

Tarehe hiyo ya mwisho isiachwe. Kukaimu kusiko na mwisho kunamchosha anayekaimu na kumtia shaka anayeongozwa, maana kila uamuzi unangoja mwenyewe aje. Kenya imeliweka jambo hili kwenye sheria kwa utumishi wa umma: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inataka mtu akaimu kwa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi sita. Kampuni binafsi haibanwi na kipimo hicho, ila ni kipimo kizuri cha kuazima.

Turudi Lubumbashi. Makontena yake yametoka, yamepandishwa kwenye malori, yamepita Tunduma, yako Kasumbalesa yakingoja zamu ya kuvuka. Namba ya kijana ameihifadhi kwenye simu, na namba ya mama hajaifuta. Jioni moja anapata barua pepe yenye nembo ya kampuni, jina la kijana na namba ya akaunti ngeni. Msomaji mwenzangu, siku barua kama hiyo itakapokufikia wewe, usiijibu na usiipigie namba iliyoandikwa ndani yake. Piga ile namba ya zamani uliyokuwa nayo kabla bosi hajabadilika, usikie sauti unayoijua, ndipo ulipe.